Franka mia kila mara: saa moja mbele ya masini ya jetoni inakula ngapi?

Katika mkutano wa siku ya posho, wakati wa kukusanya likelemba, mama mmoja wa kundi letu alileta franka 4,000 mahali pa 10,000. Alisema bila kuficha kwamba zile 6,000 zilikuwa za kutoka kwa kijana wake, ambaye anatengeneza telefone karibu na soko na ambaye kila juma anamsaidia. Kijana si mlevi, hapigani na mtu, anaamka mapema. Lakini akifunga kazi anapita kwenye kioski chenye masini ya jetoni. Kila mara mama anapomuuliza, jibu ni moja: "Mama, ninaweka franka mia tu."

Mama yule hakutuomba tumsemee kijana. Alituuliza hesabu. Mia inafanya namna gani mpaka inamaliza elfu sita? Tuliona aibu kidogo, kwa sababu kati yetu kuna wanaouza sokoni miaka mingi na wanaojua benefisi ya kila ndoo ya unga, na hakuna aliyeweza kumjibu palepale. Basi tukachukua kazi hiyo. Kijana mwenyewe alikubali tumhesabu, akasema akicheka kwamba tutaona kuwa hapotezi kitu. Tunaandika hapa tuliyoyapata, kwa ruhusa yao wote wawili, bila majina.

Mtu akisema "franka mia tu" hadanganyi. Anasema namba moja kati ya tatu. Feza inayopotea kwa saa moja inatoka katika namba tatu zinazozidishwa pamoja: kiasi mtu anachoweka kila mara, mara ngapi anacheza ndani ya saa, na fungu ambalo mwenye masini anajiwekea katika kila franka inayopita. Tukiandika kama kwenye ubao wa darasa:

hasara ya saa = kiasi cha kila mara × mara za saa moja × fungu la mwenye masini

Namba ya kwanza mchezaji anaijua, au anafikiri anaijua. Ya pili hajawahi kuihesabu. Ya tatu haonyeshwi. Tuanze na hiyo ya tatu, maana ndiyo inayoonekana ngumu, na kuna mchezo mmoja ambao unaionyesha waziwazi.

Mchezo huo ni ruleti, lile gurudumu la kazino lenye kibiringo kidogo. Gurudumu la namna ya Ulaya lina vyumba 37, kuanzia 0 mpaka 36. Ukiweka franka moja juu ya namba moja na kibiringo kikaangukia hapo, wanakulipa franka 35 na wanakurudishia ile yako, jumla 36. Sasa fikiri mtu ameweka franka moja juu ya kila namba, zote 37. Lazima moja itoke. Ametoa 37, anapokea 36. Franka moja imebaki mezani, na hakuna aliyemwibia. Fungu la nyumba ni hilo: 1 kati ya 37, yaani 2.7 kati ya mia. Wamarekani wameongeza chumba kimoja cha sifuri mbili, vyumba vinakuwa 38, malipo yanabaki yaleyale, na fungu linapanda mpaka 2 kati ya 38, karibu 5.3 kati ya mia. Kazino haihitaji kuchezea gurudumu. Inalipa kidogo chini ya bei ya haki, kila mara, basi.

Masini ya jetoni inafanya kazi hiyohiyo, lakini vyumba vyake haviko mbele ya macho. Ile ya kijana wetu ina taa zinazozunguka juu ya picha za matunda, kengele na nyota. Unaingiza jetoni, unabonyeza picha unayoitaka, taa zinakimbia, zinasimama mahali. Picha zinazolipa kidogo zinatoka mara nyingi, zinazolipa sana zinatoka mara chache, na ni mara ngapi hasa, hiyo imo ndani ya kisanduku. Masini nyingi za namna hii zina mahali pa ndani ambapo mwenye ufunguo anachagua zirudishe kiasi gani. Kwa hiyo hatuwezi kusoma fungu lake kama tulivyolisoma kwenye ruleti. Tutalitafuta kwa njia nyingine, tukianzia nyuma.

Kwanza tulihesabu mwendo. Mmoja wetu anauza yunite za telefone hatua chache kutoka kioski, na hakuna mtu anayemshangaa muuza yunite anayetazama telefone yake. Aliweka saa ya telefone dakika tano, na kila taa zilipoanza kukimbia alipiga kistari kwenye kaye. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya kwanza alipata vistari 41, mara ya pili 45, mara ya tatu 34, kwa sababu siku hiyo kijana alisimama kwenda kununua jetoni zingine na kusalimiana na rafiki. Jumla ni 120 katika dakika 15. Saa moja ina robo nne, basi ni mara 480 kwa saa, mara nane kila dakika.

Tunashauri mtu yeyote atakayejaribu asihesabu dakika moja tu na kuizidisha kwa sitini. Dakika ya moto inakudanganya upande wa juu. Dakika tano, mara tatu, pamoja na kusimama na kupiga stori, zinakaribia zaidi ukweli wa saa nzima. Tulipomwonyesha kijana namba 480 alikataa kabisa. Yeye mwenyewe alifikiri anacheza "labda mia" kwa saa.

Kisha tukahesabu kiasi cha kila mara. Jetoni moja pale ni franka 100, na hapo kijana alikuwa mkweli. Lakini masini ile inakuruhusu kuweka jetoni juu ya picha zaidi ya moja kabla taa hazijakimbia. Wakati mwingine aliweka moja juu ya tufaha peke yake, wakati mwingine moja juu ya tufaha na moja juu ya kengele, na akikasirika aliweka tatu. Muuza yunite wetu aliandika hilo pia: katika zile mara 120, zilipita jetoni 180. Ni jetoni moja na nusu kila mara, yaani franka 150. "Mia tu" imekwisha kuwa mia na hamsini, na mwenye kuiweka hakuona ilivyoongezeka.

Hapa kuna jambo ambalo lilituchekesha kwanza, kisha likatuhuzunisha. Akiweka jetoni tatu juu ya picha tatu, na moja ikatoka ikalipa jetoni mbili, masini inaimba na taa zinawaka kama vile harusi imefika. Ametoa tatu, amepata mbili. Amepoteza franka 100 kwa muziki. Kijana alizihesabu zile nyimbo zote kuwa ni ushindi. Ukimtazama mtu kwa masikio tu, utafikiri anashinda kila dakika.

Sasa tuzidishe namba mbili za kwanza. Franka 150 mara 480 ni franka 72,000. Kila saa, katika mikono ya kijana anayepata franka 12,000 mpaka 15,000 siku nzuri, inapita feza ya franka 72,000 kuingia masini. Mama yake aliposikia hivyo alishika kichwa. Kijana akaruka: "Wamama, mnanionea. Mimi sijawahi kuwa na elfu sabini mfukoni!"

Ana haki, na jibu la mshangao wake ndilo tulilotaka kulieleza zaidi kuliko yote, kwa sababu sisi wenyewe lilitupita siku mbili. Feza inayopita si feza aliyokuja nayo. Anakuja na 5,000. Anaweka 150, anapoteza. Anaweka 150, anapata 500. Anaweka tena kutoka zile 500. Franka moja inaingia masini, inatoka, inaingia tena, inatoka, na kila inapoingia mwenye masini anakata fungu lake. Ni kama gunia la mchele linalopimwa upya katika kila mkono linalopita: kila mpimaji anamwaga punje chache chini, na mwishoni gunia limekonda bila mtu mmoja kuiba kilo.

Ndiyo maana maneno "masini hii inarudisha 90 kati ya mia" yanawapoteza wengi. Mtu anafikiri: nitakuja na 5,000, nitarudi na 4,500, nimelipa 500 kwa kujifurahisha, si mbaya. Ingekuwa hivyo kama angeziweka zile 5,000 mara moja tu, kila franka ipite safari moja, kisha aende nyumbani. Lakini hakuna anayecheza hivyo. Fungu linakatwa juu ya feza yote iliyopita, halikatwi juu ya feza ya mfukoni. Katika zile 72,000, fungu la kumi kati ya mia ni franka 7,200. Ni nyingi kuliko zile 5,000 zote.

Ilibaki kujua kama fungu la masini ya kwetu ni kumi, au tano, au ishirini. Tulikuwa tumekwisha kuona hatuwezi kulisoma, basi tukamwomba kijana kitu kimoja: kwa majuma matatu, kila siku anapocheza, aandike feza aliyotoka nayo, feza aliyorudi nayo, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Asiandike nyimbo wala ushindi. Feza na saa tu. Mama yake alikuwa anasaini kando kila jioni, na hilo lilisaidia, maana mchezaji anakumbuka vizuri siku ya kushinda na zile zingine zinamtoka.

Alicheza siku tisa katika majuma hayo matatu, jumla saa kumi. Siku moja alirudi na faida ya franka 14,000, na siku hiyo alituletea biskuti. Siku nane zingine alirudi na upungufu, zikijumlishwa ni franka 104,000. Toa 14,000, inabaki hasara ya 90,000 kwa saa kumi, yaani franka 9,000 kila saa.

Sasa tunarudi nyuma. Kama saa moja inapitisha 72,000 na inapoteza 9,000, basi fungu ni 9,000 kati ya 72,000. Hiyo ni moja kati ya nane, au 12.5 kati ya mia. Tumepata namba ya tatu bila kufungua kisanduku.

Tuweke onyo hapa. Saa kumi ni kidogo. Kama bahati kubwa ya nyota ingetoka mara moja zaidi, tungepata fungu dogo. Kama zile 14,000 zisingetoka, tungepata kubwa. Kwa mara 4,800 za kucheza hatuwezi kuapa kwamba fungu ni 12 na nusu. Inawezekana ni 8, inawezekana ni 18. Tunachoweza kusema ni kwamba si 2 wala 3 kama la ruleti. Na mwenye ufunguo akiligeuza kesho, kaye letu la majuma matatu halituambii tena kitu, inafaa kuanza upya.

Jumla ya kazi yote basi ni hii:

150 × 480 × 0.125 = 9,000

Tuliiangalia kwa upande mwingine ili kujua kama inasimama. Kama kila mara anapoteza, kwa kadiri, moja kati ya nane ya 150, hiyo ni karibu franka 19. Kwa mara nane kila dakika, ni franka 150 kila dakika. Mfuko wa 5,000 unaisha, kwa kadiri, baada ya dakika 33. Tulimuuliza kijana: ukija na elfu tano bila kuongeza, unakaa muda gani? Alijibu bila kuona kaye yetu: "Nusu saa, wakati mwingine inakuwa saa nzima, wakati mwingine dakika kumi tu." Na katika dakika zile 33, feza iliyopita ni karibu franka 40,000. Moja kati ya nane ya 40,000 ni 5,000. Hesabu imejifunga.

Yale maneno yake "wakati mwingine saa nzima, wakati mwingine dakika kumi" yanastahili nafasi, kwa sababu ndipo wengi wanaikataa hesabu hii. Mtu atakuambia: mnasema hasara ni 9,000 kwa saa, lakini jana nilicheza saa moja nikatoka na faida, basi hesabu yenu ni ya uongo. Si uongo. 9,000 ni kadiri, kama vile tunavyosema mvua ya mwezi huu ni kiasi fulani hata kama juzi haikunyesha hata tone.

Turudi kwenye ruleti tuone, kwa sababu pale hesabu ni safi. Mtu anaweka dolari moja juu ya rangi nyekundu, mara 36, ambayo ni kama saa moja ya meza ya kazino. Kadiri ya hasara yake ni chini kidogo ya dolari moja. Lakini kati ya watu kumi wanaofanya hivyo, karibu wanne wanatoka na faida. Ndio hao wanaosikika njiani. Sasa mtu huyohuyo arudi mpaka afikishe saa mia moja, mara 3,600. Kadiri ya hasara ni dolari 97, na kati ya watu mia moja waliofika huko, ni kama watano tu walio na faida. Gurudumu ni lilelile na bahati ni ileile. Saa chache zinaficha fungu, saa nyingi zinalifunua. Kijana wetu katika saa kumi ameona siku moja nzuri na nane mbaya. Ukiingia kioski siku ile ya biskuti, utasema masini inatoa.

Kuna pia wale wanaosema "imejaa, sasa iko karibu kutapika". Kwa ruleti hilo halipo: kibiringo hakikumbuki kilikoanguka mara iliyopita. Kwa masini ya kisanduku, hata kama imepangwa itoe baada ya kumeza kiasi fulani, mpango huo unajulikana na mwenye ufunguo, haujulikani na anayesimama nje akiisubiri. Na hata ikitapika, imetapika sehemu ya zile ilizokwisha kumeza.

Tulipomaliza tuligundua kitu kilichotugeuza mawazo. Sisi tulikuwa tunatazama kiasi, mia au elfu. Lakini mwendo ndio uliobeba mzigo mkubwa. Linganisha: tajiri kwenye meza ya ruleti anaweka franka 1,000, karibu mara saba ya kijana wetu. Meza inazunguka polepole, watu wanaweka, mwenye meza analipa, ni kama mara 36 kwa saa. 1,000 mara 36 mara 2.7 kati ya mia ni franka 972. Kijana wa franka 150 anapoteza mara tisa ya tajiri huyo. Jetoni ndogo inayokimbia inakula kuliko noti kubwa inayotembea.

Uingereza waliligusa jambo hili kwa sheria, tena kwa kushika namba moja moja. Huko katika maduka ya kubeti kulikuwa na masini za ruleti za umeme ambazo mtu aliweza kuweka mpaka paundi 100 kila mara, na gurudumu lilizunguka kila sekunde 20. Ni mara 180 kwa saa. Fungu lilikuwa lilelile la ruleti, 2.7 kati ya mia, ambalo ni dogo. Zidisha: 100 × 180 × 0.027 ni paundi 486 kila saa. Mwezi wa nne 2019 serikali ilishusha kiasi cha juu kutoka 100 mpaka paundi 2. Fungu na mwendo havikuguswa, lakini hasara ya juu ya saa ilianguka mpaka chini kidogo ya paundi 10. Kisha mwaka 2021, kwa michezo ya mizunguko inayochezwa kwenye telefone na kompyuta, walishika mwendo: mzunguko mmoja usichukue chini ya sekunde 2 na nusu, na ile njia ya kuuacha mchezo ujiendeshe wenyewe ikakatazwa. Sekunde 2 na nusu bado ni mara 1,440 kwa saa. Tunawaachia mzidishe wenyewe kwa kiasi mnachojua vijana wenu wanaweka kwenye telefone.

Na kijana wetu? Tulimsomea hesabu yote mbele ya mama yake, juu ya kibao cha mbao cha jikoni. Alinyamaza. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Nikiweka jetoni moja tu na kucheza polepole?" Tukahesabu naye. Jetoni moja kwa mwendo ulele wa mara 480: 100 × 480 × 0.125 ni franka 6,000 kwa saa. Jetoni moja na mwendo wa nusu, mara 240: franka 3,000. Theluthi ya ile 9,000.

Alijaribu juma lililofuata. Jetoni moja, na kila baada ya mzunguko aliweka mikono mfukoni akahesabu mpaka nane. Mwenye kioski alimwambia anachelewesha watu. Siku ya kwanza alipoteza 2,500 kwa saa moja, akafurahi. Siku ya pili, kwa kuwa feza haikuisha upesi, alikaa saa tatu, akarudi na upungufu wa 8,700. Mama yake ndiye aliyeona kosa kabla yetu: tuliandika hasara ya saa, hatukuandika idadi ya saa. Mchezo wa polepole unapunguza hasara ikiwa tu mtu anaondoka kwa wakati uleule aliozoea kuondoka.

Sasa wameongeza mstari mmoja kwenye kaye, saa ngapi ataondoka, ulioandikwa kabla hajatoka nyumbani. Juma hili mstari huo umeshika siku mbili na umevunjika siku moja. Siku ya posho mama alileta 9,000, na ile elfu moja ya mwisho aliileta kijana mwenyewe, siku ya yenga baada ya misa.

Kwa wale walioomba kufanya hesabu hii kwa watu wa nyumbani kwao, kaye ya mistari ya dakika tano iko kwa mweka hazina, mnaweza kuikopi. Mhesabu mzunguko taa zinapoanza kukimbia, si zinaposimama, maana wakati wa nyimbo za ushindi vistari vinachanganyika.